Barua ya kuiarifu kampuni ya bima kuwa mgeni ameumia hotelini

Mgeni akiumia hotelini, iwe kwenye ngazi, bafuni au kando ya bwawa, meneja huiandikia kampuni iliyoikatia hoteli bima ya dhima kwa umma. Bima hii hubeba fidia ambayo hoteli italazimika kisheria kumlipa mtu wa nje aliyeumia au kuharibikiwa mali. Mfanyakazi aliyeumia kazini hayumo humu. Yeye ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Na barua yenyewe si dai. Ni taarifa kwamba kimetokea kitu ambacho kesho kinaweza kuzaa dai, kwa hiyo huandikwa hata kama mgeni ameondoka akisema hana neno.

Tuchukue hoteli ya mfano pale Shangani, Mtwara. Baada ya tarehe, namba ya hati ya bima na jina la mgeni, kiini cha barua kinaweza kusomeka hivi:

"Jumamosi, 14 Juni, saa 12:40 asubuhi, mgeni wa chumba namba 6 alianguka kwenye varanda ya kuelekea mgahawani. Sakafu ni ya vigae, na ilianza kupigwa deki saa 12:25. Kibao cha tahadhari kiliwekwa upande wa mapokezi. Upande wa vyumba, alikotokea mgeni, hakikuwapo. Mgeni alilalamikia maumivu ya kifundo cha mkono wa kulia, akapelekwa Hospitali ya Ligula kwa gari la hoteli. Mhudumu wa mapokezi alishuhudia, na maelezo yake yameambatanishwa. Hatujakiri wala kuahidi fidia yoyote."

Angalia kilichoandikwa kuhusu kibao. Hakikupendeza, lakini kimo, kwa sababu mkataba wa bima husimama juu ya ukweli, na kuficha jambo kama hilo kunaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Kisichokuwamo ni sentensi kama "huu ni uzembe wetu" au "vigae vyetu vinateleza sana". Ya kwanza ni hukumu, na ya pili ni maoni ya mtu ambaye hajapima chochote. Barua inaeleza sakafu ilikuwaje na kibao kilikuwa wapi. Nani alaumiwe, hilo linaamuliwa kwingine.

Sababu iko ndani ya masharti ya hati. Karibu kila bima ya aina hii humkataza mwenye bima kukiri kosa, kutoa ahadi au kulipa fidia bila idhini ya kampuni. Kampuni ndiyo itakayotoa fedha, kwa hiyo ndiyo inayoshika usukani wa mazungumzo na utetezi, kwa jina la hoteli. Meneja akishamwandikia mgeni "tutagharamia kila kitu", utetezi umevunjwa kabla haujaanza, na hoteli inaweza kuachiwa mzigo wote. Kumpa mgeni pole, huduma ya kwanza na gari la hospitali ni utu tu, wala si kukiri. Yaandikwe kama yalivyofanyika, pamoja na risiti ya chochote kilicholipwa.

Kuhusu jeraha, andika alicholalamikia mgeni na alikopelekwa. "Amevunjika mkono" ni kauli ya daktari. Ripoti ya hospitali ikipatikana itafuata kwa barua nyingine. Usiicheleweshe barua ya kwanza kwa kuisubiri, maana masharti hutaka taarifa itolewe mapema iwezekanavyo, na baadhi ya hati hutaja idadi ya siku.

Saa nazo huleta mtafaruku wa bure. Saa 12:40 asubuhi ya kwetu huonekana 06:40 kwenye kamera ya ulinzi. Mtu wa ofisi ya madai akiigeuza barua kwa Kiingereza akaacha "12:40", maelezo yatapingana na picha, na shahidi mkweli ataonekana mwongo. Taja saa zote mbili. Picha zenyewe zinakiliwe siku hiyohiyo, maana mashine nyingi za kamera hufuta za zamani zikijaa. Piga na picha ya varanda kabla kibao hakijasogezwa.

Barua ipelekwe kwa kampuni yenyewe, hata kama bima ilikatwa kwa wakala wa mjini Mtwara. Kumpigia wakala simu ni vizuri, ila simu haibaki kwenye faili. Nakala ya hoteli igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, au itunzwe baruapepe iliyojibiwa.

Ikija barua ya madai kutoka kwa wakili wa mgeni, usiijibu. Ipeleke kwa kampuni ilivyo, na hati ya kuitwa mahakamani vivyo hivyo, siku hiyohiyo, kwa kuwa muda wa kujitetea huanza kuhesabika. Barua hizo zinaweza kuchelewa sana: Sheria ya Ukomo ya Tanzania humpa aliyeumizwa kwa uzembe miaka 3 ya kufungua shauri. Kwa hiyo faili la varanda, pamoja na ratiba ya usafi ya asubuhi ile, lisitupwe kabla ya muda huo kupita.