Nauli ya likizo: angalia gari itarudi na nani

Mimi hukatisha tiketi za gari za Kisumu–Nairobi, na kila shule zikifungwa lazima nisikie mzazi akisema ati sisi tunangojea tu watoto watoke tupandishe nauli. Kupanda inapanda, siwezi kataa, lakini likizo zote si sawa, na kinachoamua sana si wingi wa watu, ni upande wanaoenda.

Chukua Agosti. Mwaka 2025 muhula wa pili ulifungwa Ijumaa tarehe 1 Agosti. Siku kama hiyo watoto wa Nairobi wanaosoma bodingi za huku Magharibi wanaenda Nairobi, na wa huku wanaosoma huko wanarudi, kwa hivyo gari inajaa kwenda na kurudi. Nauli inapanda kidogo asubuhi, wakati shule zinaachilia watoto, halafu inatulia. Mwalimu ambaye hana mtoto wa kuchukua ni heri amalizie kazi yake atoke Jumamosi mchana, hakuna haja ya kugombania kiti na masanduku.

Desemba sasa ndiyo maneno ingine. Kuanzia wiki ya Krismasi watu wote wanatoka Nairobi kuja ushago na karibu hakuna anayeenda Nairobi. Tufanye hesabu ya mfano, abiria 14 na nauli ya kawaida 1,000: kwenda na kurudi gari inaingiza 28,000. Krismasi inakuja imejaa lakini inarudi na watu 4, tena hao wanne wamebembelezwa kwa 700, hiyo ni 2,800. Ili mwenye gari apate zile 28,000 zake, wale 14 wa kuja lazima walipe 1,800 kila mtu. Si wote wanaishia hapo, wengine wanaongeza ya tamaa juu, lakini ukiona 1,800 ujue umelipia kiti chako na kile kitakachorudi tupu.

Halafu kuna jam. Siku za kawaida gari ikitoka alfajiri inaweza kufika na kugeuza siku hiyo hiyo, lakini barabara ikishikana Gilgil mpaka Nakuru na mbele huko Mau Summit, inafika usiku na inalala. Yaani gari zile zile zinafanya safari chache wakati watu ndio wengi zaidi, na hapo hata uwe na pesa unaweza kukosa kiti.

Mwanzo wa Januari kila kitu kinageuka: Kisumu kwenda Nairobi ni ghali, Nairobi kuja Kisumu ni bei ya kubembelezwa. Hapo ndipo mwalimu anaweza kuokoa. Tuseme unafundisha Kakamega na familia iko Nairobi, mke na watoto watatu. Wakija wao Krismasi, kwa zile namba zangu ni watu wanne mara 1,800, ni 7,200, na kurudi Januari 7,200 ingine, jumla 14,400. Ukienda wewe tarehe 22 Desemba na urudi kabla shule kufunguliwa, ni 700 na 700, yaani 1,400. Najua kuna mambo ya nyanya kuona wajukuu, hiyo mtaelewana nyumbani.

Na kama lazima watoto waje, mzazi ana nafasi ambayo mwalimu hana. 2025 muhula wa tatu uliisha 24 Oktoba, lakini mwalimu wa sekondari bado alikuwa na KCSE mpaka Novemba, na wengine wakaitwa kusahihisha baada ya hapo. Mzazi anaweza kuleta watoto wiki yoyote ya Novemba kwa nauli ya kawaida, tena anachagua kiti. Mwalimu dirisha lake ni kuanzia mtihani ukiisha mpaka katikati ya Desemba, ni fupi lakini lipo.

Ndege ya Kisumu inapanda bei kivingine, viti vya bei ya chini vinaisha kimoja kimoja hata mwezi mzima kabla, kwa hivyo huko kuwahi kunalipa kila siku unayowahi. Gari bei inaruka kwa siku moja. Ukibuki mapema uliza kama pesa uliyotuma inafunga bei ama inashika kiti tu, na risiti iwe na tarehe, saa na namba ya kiti, kwa sababu risiti iliyoandikwa "deposit" peke yake haitakusaidia asubuhi ya tarehe 23 ukiambiwa uongeze 800.

Ukitaka kujua bei itaruka lini, usiangalie laini ya watu. Nenda steji ya Nairobi uangalie gari zinazoingia kutoka Kisumu: zikianza kushusha watu wanne watano asubuhi, kuna uwezekano mkubwa jioni bei ni ingine.