Rotesheni kwa laini ya kiwanda ni nini, na mbona saa zingine mkono bado unauma

Rotesheni ni hivi: badala ya opereta kukaa stesheni moja tangu asubuhi hadi shifti iishe, mnachagua kazi tatu nne, mnaweka saa, kengele ikilia kila mtu anahamia kazi inayofuata, mnazunguka hivyo mpaka jioni. Inafanywa kwa sababu mbili, mwili usichoke mahali pamoja tu, na kichwa kisilale. Kwa karatasi inaonekana rahisi sana, supavaiza anachora jedwali anabandika ukutani basi imeisha. Lakini kuna swali moja ndio linaamua kama itasaidia: ile kazi unaenda inatumia kiungo gani cha mwili?

Tuchukue kiwanda cha mbuta, vile viko hapa Kisumu. Samaki akishaoshwa anafika meza ya kupasua, mtu anaingiza kisu nyuma ya kichwa anafuata mfupa mpaka mkia, anageuza upande wa pili, minofu miwili inasonga mbele na mfupa unaobaki ndio ule mgongo wazi tunaununua soko. Baada ya kutoa ngozi, minofu inaenda kwa meza ya kutrimu, hapo inatolewa mafuta, damu na vimifupa vilivyobaki. Kutoka hapo inapita meza ya taa, mtu anaangalia kama kuna mfupa ama alama yoyote, halafu inapimwa na kupangwa kwa boksi.

Sasa supavaiza akisema nyinyi wa kupasua mtabadilishana na wa kutrimu kila masaa mawili, hiyo ni rotesheni kwa jina tu. Kisu ni kilekile, ngumi imekaza vilevile, kifundo kinapindwa vilevile, na baridi ya samaki wa barafu haijaenda mahali, na mkono ukiwa baridi mtu anashika kisu kwa nguvu zaidi bila kujua. Umetembea mita tano tu, mkono haujapumzika hata kidogo.

Hebu tupige hesabu, na hizi namba ni za mfano tu. Tuseme samaki mmoja anachukua dakika moja na kisu kinapita mara kumi. Saa moja ni mara 600, masaa 8 ni mara 4,800, mkono uleule. Kano zinazovuta vidole zinapita kwa kifundo ndani ya kanjia kembamba pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, zikivimba kwa kusuguliwa hivyo siku baada ya siku zinaubana. Ndio unaskia mtu analalamika anaamka usiku mkono umekufa ganzi anaukung'uta. Na iko njia ya kuitambua: ganzi inashika kidole gumba, cha pili, cha kati na nusu ya kile kinachofuata, lakini kidole kidogo kinabaki sawa. Huyo asiambiwe amelalia mkono, aende hospitali mapema.

Rotesheni ya maana kwa laini kama hiyo inatenganisha kazi mbili za kisu. Watu wanne, kazi nne: kupasua, taa, kutrimu, kupima. Wa kwanza anapasua kutoka saa mbili hadi saa nne, chai, anaenda taa mpaka saa sita, lanchi, saa saba anatrimu mpaka saa tisa, halafu anamalizia kwa mizani mpaka saa kumi na moja. Wengine watatu wanazunguka njia hiyohiyo, kila mmoja ameanzia mahali tofauti. Hapo kisu kimeshikwa masaa 4 badala ya 8, na hakuna mtu anatoka kwa kisu akaingia kisu kingine moja kwa moja, katikati mkono unapata masaa mawili ya kupumua.

Mbona masaa mawili? Hakuna uchawi hapo, ni vile inaangukia na chai na lanchi. Kwa kiwanda cha chakula huwezi toka upande wa kupasua ukaingia upande wa kupakia hivyo tu, lazima ubadilishe eproni na glavu, unawe, ukanyage dawa mlangoni. Ukihamisha watu kila nusu saa utapoteza dakika nyingi kwa sinki, kwa hivyo bora wahame wakati wangenawa tu. Ile ya saa tisa ndio haina brek, hapo mkubali dakika kadhaa zitaenda.

Shida inabaki kwa meza ya taa. Pale mkono hauchoki sana, akili ndio inachoka, na inachoka haraka. Mwaka 1948 mtafiti Mwingereza kwa jina Norman Mackworth alichapisha majaribio yake ya watu kukaa wakiangalia mshale wa saa ukizunguka wagundue ukiruka, na ndani ya nusu saa ya kwanza walikuwa tayari wameanza kukosa nyingi. Macho iko wazi lakini mtu haoni. Kwa hivyo masaa mawili ya taa mfululizo ni mengi mno. Dawa ni kuwa na rotesheni ndogo ndani ya ile kubwa: wa taa na wa mizani, wote wako upande safi, wabadilishane viti kila dakika 30, hakuna kuvua kitu.

Lakini rotesheni haipunguzi kazi, inaigawanya. Kukiwa na kreti za kilo 40 zinainuliwa kutoka chini, mgongo mmoja ulikuwa unaumia, ukiingiza hiyo kazi kwa mzunguko sasa ni migongo minne. Kazi mbaya hivyo hairoteshwi, inarekebishwa kwanza, letni troli, inueni kreti ziwe kimo cha kiuno. Na visu vinolewe, kisu butu kinataka nguvu zaidi kila mkato. Hata Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kazi ifanywe imfae mfanyakazi, mpaka kuchoka kwa akili kumetajwa humo.

Kitu kingine kinaua rotesheni ni malipo. Mahali watu wanalipwa kwa kilo, fundi wa kupasua hawezi kubali kuhamishiwa mizani apoteze pesa, na mimi simlaumu. Utaona jedwali liko ukutani lakini watu wamerudishana kimyakimya. Hapo ama kikundi kilipwe pamoja ama msahau hiyo maneno.

Utajuaje kama inafanya kazi? Ijumaa chora mtu kwa karatasi, kila opereta aweke alama mahali panauma. Baada ya wiki kadhaa kama alama bado zimejaa kifundo cha kulia, mnazungushana bure. Halafu hesabu mifupa inayopita taa ikashikwa mbele, kila mmoja andika saa na dakika. Ikiongezeka dakika za kwanza baada ya kuhama, mtu hajafunzwa hiyo kazi vizuri, akae kando na mzoefu kwanza. Ikiongezeka kuelekea mwisho wa zile dakika 30 zake za taa, hapo mafunzo hayana shida, amekaa sana, punguza hiyo nusu saa iwe dakika 20 uangalie tena wiki inayofuata.