Jina kubwa halibebi kila bidhaa

"Watu wanaipenda Cheetos, kwa hiyo chochote chenye jina hilo kitauzika."

Hapana. Cheetos ni vitafunio vya mahindi, na jina hilo huja na kumbukumbu ya jibini, chumvi na ule unga wa rangi ya chungwa unaobaki vidoleni. Mwaka 2005 liliwekwa kwenye mafuta ya midomo yenye ladha ya jibini, nayo hayakudumu sokoni. Ladha inayomfanya mtu amalize pakiti ndiyo asiyoitaka mdomoni kutwa nzima.

Hata ladha mpya ya vitafunio vilevile ina hatari yake, na hii huwaponyoka wengi: huchukua wateja wa ladha ya zamani. Ikiuza katoni 100 huku ya zamani ikipungua 80, kampuni imeongeza 20 tu, na gharama za matangazo bado hazijatolewa.