Je, wajua? Dirham 600 za Dubai zinavyogeuka 640 kwenye kadi ya shilingi

"Nililipa hoteli Dubai dirham 600 kwa kadi yangu ya shilingi. Google ilinionyesha ni kama shilingi 21,000 za Kenya na kidogo, lakini benki imenikata karibu 22,500. Hizo nyingine zimekwenda wapi, na ningewezaje kuzijua kabla ya kulipa?"

Zimemegwa mara tatu njiani. Mtandao wa kadi (Visa au Mastercard) umemega kidogo ulipobadili dirham, benki yako ikamega ilipokuuzia dola, kisha ikaongeza ada ya muamala wa nje pamoja na kodi ya ada hiyo. Ile bei uliyoiona Google ni bei ya katikati, yaani iliyo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Ni nadra mteja wa kawaida kuuziwa fedha kwa bei hiyo, lakini ni kipimo kizuri: chochote kinachozidi hapo ni gharama yako.

Dubai ni mahali pazuri pa kujifunzia hesabu hii kwa sababu dirham imefungwa kwenye dola. Tangu 1997 dola moja ni dirham 3.6725, haipandi wala haishuki. Kwa hiyo ukiona dirham zako zimegeuzwa dola kwa kiwango kingine, tofauti hiyo ni faida ya mtu, na hakuna wa kukwambia eti soko limeyumba. Rial ya Saudia nayo imefungwa hivyo hivyo, 3.75 kwa dola.

Tuseme siku ya kulipa bei ya katikati ya dola ni shilingi 129. Dirham 600 ukigawa kwa 3.6725 unapata dola 163.38, na ukizidisha kwa 129 unapata shilingi 21,076. Hicho ndicho kipimo chetu. Viwango vingine vyote hapa chini ni vya mfano. Weka vya benki yako na vya siku yako.

Anza na mtandao wa kadi. Visa na Mastercard kila mmoja ana kikokotoo kwenye tovuti yake, na kila mmoja ana kiwango chake, kwa hiyo angalia kwanza nembo iliyo kwenye kadi yako. Unajaza sarafu ya muamala (AED), sarafu ya kadi, kiasi na tarehe. Kuna pia nafasi iliyoandikwa "Bank fee". Hapo weka 0 kwa sasa. Watu wengi huacha tarakimu yoyote iliyokuwamo, kisha baadaye wanaongeza ada ya benki kwa mara ya pili bila kujua.

Sasa inakuja sehemu inayowapotosha hata wazoefu: kwenye "sarafu ya kadi" uandike nini, KES au USD? Akaunti yako ni ya shilingi, kwa hiyo mkono unakwenda kwenye KES. Lakini benki nyingi za kwetu hazipokei muamala wa nje kutoka kwa mtandao ukiwa katika shilingi. Huupokea katika dola, halafu zenyewe hugeuza dola hizo kuwa shilingi kwa bei yao ya kuuzia. Benki ikifanya hivyo, kiwango cha dirham kwa shilingi unachokiona kwenye kikokotoo hakikuhusu hata kidogo. Fedha yako inabadilishwa mara mbili, na kikokotoo, ukiandika USD, kinakuonyesha ya kwanza tu.

Dalili zipo. Ujumbe wa benki au taarifa ya akaunti ikitaja dola mahali fulani katikati, kwa mfano "AED 600.00 USD 163.93", basi umepita njia ya dola. Usipoona kitu, piga simu benki uulize hivi: muamala wangu wa dirham mnaupokea kutoka mtandao wa kadi ukiwa katika shilingi au dola, na kama ni dola, mnaugeuza kwa bei ipi? Ukiuliza tu "kiwango chenu ni kipi?" utapewa jibu la jumla lisilokusaidia.

Tuzipige hesabu njia zote mbili. Benki ya kwanza inapokea shilingi moja kwa moja. Kikokotoo kinasema dirham moja ni shilingi 35.30, kwa hiyo 600 ni shilingi 21,180. Ada ya muamala wa nje ni asilimia 3, yaani shilingi 635, na tuseme juu ya ada kuna kodi ya asilimia 15, ambayo ni shilingi 95. Jumla ni 21,910. Umelipa takriban asilimia 4 juu ya kipimo.

Benki ya pili inapita kwenye dola. Mtandao unageuza kwa 3.66 badala ya 3.6725, unapata dola 163.93. Benki inakuuzia dola hizo kwa shilingi 132.50, inakuwa 21,721. Asilimia 3 ya hapo ni 652, kodi 98. Jumla ni kama shilingi 22,470, yaani asilimia 6.6 juu ya kipimo. Ukirudisha kwa bei ya katikati, ni kama umelipa dirham 640.

Angalia jambo moja hapo: ada ya benki zote mbili ni ile ile asilimia 3, na ndiyo pekee iliyoandikwa wazi kwenye orodha ya ada. Kilichozitenganisha kwa shilingi 560 ni bei ya dola, ambayo haiitwi ada popote. Ndiyo maana kulinganisha kadi kwa kuangalia asilimia ya ada peke yake ni kazi bure. Benki yenye ada ya asilimia 1 na dola ya 136 inakukamua kuliko yenye asilimia 3 na dola ya 130.

Kwenye orodha ya ada tafuta maneno "foreign transaction fee", "cross border fee" au "FX markup", maana benki hazikubaliani jina. Soma pia kama kiasi kilichoandikwa kina kodi ndani yake au kodi inaongezwa juu, na kama kuna kiwango cha chini cha ada. Hicho cha mwisho ndicho kinachofanya kahawa ya dirham 20 ilipiwe ada kubwa kuliko inavyostahili. Kutoa fedha taslimu kwenye ATM ni habari nyingine: huongezewa ada isiyobadilika ya benki yako, na mara nyingi ya mwenye mashine pia.

Muamala ukishaingia kabisa kwenye akaunti, huhitaji kumuuliza mtu tena. Hesabu ni hii:

```
kiwango halisi = shilingi zote zilizokatwa / dirham ulizolipa
gharama %      = (kiwango halisi / bei ya katikati - 1) x 100
```

Kwa mfano wetu, 22,470 gawa kwa 600 ni 37.45. Bei ya katikati ya dirham ilikuwa 129 gawa kwa 3.6725, yaani 35.13. Ukigawa 37.45 kwa 35.13 unapata 1.066, na hapo asilimia 6.6 imejitokeza yenyewe. Ukumbuke kujumlisha ada na kodi hata kama zimekatwa kwenye mistari tofauti ya taarifa, siku moja au mbili baadaye. Na usitumie kiasi kilichoonekana mara tu ulipogusisha kadi. Hicho ni makadirio tu, benki imezuia fedha. Kiwango kinachokukata kinaweza kuwa cha siku mtandao ulipouchakata muamala, na kwa hoteli, ambayo huzuia amana kwanza kisha ikatoza baadaye, siku hizo zinaweza kuachana kwa muda mrefu.

Njia nafuu ya kujua kabla ya safari ni kununua kitu mtandaoni kwa dirham, tuseme cha dirham 60 au 100, kusubiri muamala uingie, kisha kufanya hesabu hiyo. Kitu cha dirham 5 hakifai, kwa sababu ya kiwango cha chini cha ada.

Kadi ya dola inaondoa kipande kimoja tu. Mtandao utageuza dirham kuwa dola na ubadilishaji utaishia hapo, lakini dola zenyewe ulizinunua mahali. Kama benki ilikuuzia kwa 132.50 ulipokuwa unaijaza kadi, gharama ile ile umeilipa mapema.

Halafu kuna mtego wa mashine yenyewe. Mhudumu anakupa mashine na kioo kinaonyesha chaguo mbili: AED 600.00 au KES 22,340.00. Shilingi zinavutia, maana unajua kabisa utakatwa ngapi. Lakini hapo anayebadili fedha si Visa wala Mastercard, ni kampuni inayohudumia mashine ya hoteli, na kiwango chake kimeshaongezwa, hapa asilimia 6. Wengi hudhani kwamba wakichagua shilingi angalau ada ya benki inawaepuka. Si lazima. Benki nyingi huitoza kwa sababu mfanyabiashara yuko nje ya nchi, bila kujali sarafu iliyoandikwa. Ikitozwa, shilingi 22,340 zinaongezewa ada 670 na kodi 101, jumla 23,111. Hiyo ni karibu asilimia 10 juu ya kipimo. Chagua dirham.

Mhudumu akikuchagulia shilingi bila kukuuliza, utaona kwenye risiti: kutakuwa na kiasi cha KES, kiwango cha kubadilisha, na mara nyingine neno "markup". Kanuni za Visa na Mastercard zinataka chaguo liwe la mwenye kadi, kwa hiyo una haki ya kukataa. Ila kataa ungali kaunta, kabla hawajafunga hesabu za siku, ili muamala ufutwe kabisa na uanze upya kwa dirham. Hesabu zikishafungwa hawawezi tena kuufuta, wanaweza tu kukurudishia fedha kama muamala mpya.

Na kurudishiwa kuna hasara yake. Tuseme wiki moja baadaye hoteli inarudisha zile dirham 600 ulizolipa kwa kadi ya benki ya pili. Sasa kila mmoja anatumia bei ya upande wa pili: mtandao 3.69, benki inanunua dola kwako kwa 126. Dirham 600 zinakuwa dola 162.60, ambazo ni shilingi 20,488. Ulikatwa 22,470. Hoteli imerudisha kila dirham, risiti zote ziko sawa, na bado umepungukiwa shilingi 1,982. Humo mna ada na kodi, shilingi 750, ambazo unaweza kuzidai benki kwa maandishi, na baadhi hukubali kuzirudisha. Ile 1,232 iliyobaki imekwenda kwenye tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, na hiyo hairudi.