Maagizo ya usalama kazini ugenini: rudia ulichosikia kabla hujasaini

Katika mafunzo ya kabla ya safari hapa Tabora, wanaojiandaa kwenda kufanya kazi Uarabuni huja na hofu ileile: nikimwomba msimamizi arudie maagizo, ataniona sifai na atanirudisha nyumbani. Hofu hiyo tunaielewa. Kwetu mkubwa akisema, mdogo huitika "naam" na kwenda kutekeleza. Lakini kazini ugenini, "ndiyo" ya heshima huchukuliwa kuwa umeelewa, na msimamizi anahamia jambo lingine.

Tuchukue kazi ya usafi katika hoteli ya Dubai. Asubuhi msimamizi anatoa maagizo kwa dakika chache, kwa Kiingereza chenye lafudhi asiyoizoea mgeni, huku mashine ya kusugulia sakafu ikinguruma pembeni. Anasema dawa ya kung'arisha, ile ambayo huku wengi wanaiita jiki, isichanganywe na dawa ya choo, na ipimwe mililita 15 kwa lita moja ya maji.

Agizo hilo lina sehemu mbili ambazo hupotea kirahisi. Neno la kukataza ni fupi, likimezwa na kelele mtu anasikia "changanya". Na kwa Kiingereza, 15 na 50 hukaribiana sana kwa mlio. Dawa nyingi za choo zina tindikali, na tindikali ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini. Ndani ya choo kisicho na dirisha, macho huanza kuwasha, kikohozi kinafuata, kifua kinabana. Hapo ni kutoka nje kwenye hewa safi mara moja, ndoo iachwe ilipo. Madhara ya mapafu yanaweza kuongezeka saa kadhaa baadaye, kwa hiyo nenda kwa daktari hata kama umepata nafuu.

Sasa tuseme mfanyakazi ni binti kutoka Urambo, na Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Kabla kundi halijatawanyika anainua mkono, anasogea mbele, anaomba mashine izimwe. Haombi maagizo yote yaanze upya. Anashika chupa ya jiki mkono huu na ya dawa ya choo mkono ule, anazisogeza pamoja, anatikisa kichwa na kuuliza: hii na hii, hapana? Halafu anaandika 15 kwenye karatasi na kumwonyesha. Kama alisikia vibaya, kosa linaonekana hapo hapo. Angeuliza tu "nimeelewa sawa?", msimamizi mwenye haraka angeitikia kwa kichwa na kuondoka.

Kuna msimamizi ambaye akiombwa kurudia husema sentensi ileile kwa sauti kubwa zaidi. Huyo mwombe afanye kwa mikono yake mara moja, wewe ukiangalia. Kama kuna Mkenya au Mtanzania mwenzako wa kukutafsiria, mshukuru, kisha bado umrudie msimamizi na ulichoelewa. Mtafsiri wa papo kwa papo hufupisha, na namba huachwa njiani.

Baada ya maagizo, kampuni nyingi hupitisha karatasi ya kusaini. Hapa naomba tuelewane, kwa sababu tumelisema sana na bado watu wanasaini kama mahudhurio ya darasani. Mara nyingi karatasi hiyo inasema umeelezwa na umeelewa. Ajali ikitokea, ndiyo itakayotolewa. Kama hujaelewa, sema hivyo kabla ya kushika kalamu. Ukikataliwa, andika siku hiyo hiyo kwenye daftari lako tarehe, saa, jina la msimamizi, kazi uliyopewa, ulichouliza na ulichojibiwa. Peleka suala kwa afisa usalama wa kampuni. Asiposikiliza, mjulishe wakala aliyekusafirisha kwa ujumbe wa maandishi, usiufute, kisha ubalozi wetu. Nakala ya mkataba na namba za simu za wote hao ziachie pia ndugu yako nyumbani.

Wapo wanaodhani Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 itawalinda huko. Hapana, hiyo ni ya Tanzania. Huko utalindwa na sheria za nchi hiyo na mkataba wako, na kwa wafanyakazi wa nyumbani mara nyingi sheria huwa tofauti na ya viwandani au hotelini. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu akiwa na sababu za msingi, lakini si kila nchi imeuridhia. Kwa hiyo usianze kwa kugoma. Anza kwa kuomba maelezo mbele ya wenzako, chupa zikiwa mkononi, na uingie chooni baada ya kujibiwa.