Mzigo wenye faida unavyoweza kumaliza mtaji

Mchuuzi wa omena pale ufuoni Dunga anaweza kujua bei, kuwajua wateja wake wa soko la Kibuye, kupata faida kwenye mizigo mingi kuliko anayopata hasara, na bado mtaji ukamwishia. Watu husema ana mkosi, au anakula pesa za biashara. Pengine. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haionekani kwa macho, nayo ni sehemu ya mtaji anayoiweka kwenye kila mzigo. Mimi hufundisha takwimu hapa Kisumu, na katika somo langu lote hakuna swali ninaloliona la maana zaidi kwa mtu mwenye pesa kidogo: ukipata dau ambalo kweli linakupendelea, uweke kiasi gani?

Omena huvuliwa usiku kwa taa. Asubuhi wanawake huwanunua wabichi ufuoni na kuwaanika juu ya nyavu kuukuu. Jua likiwaka vizuri wanakauka na kwenda sokoni kwa bei ya chakula cha watu. Mvua ikiwakuta bado wana maji, wanaharibika, na mnunuzi anayebaki ni yule wa chakula cha kuku, ambaye hulipa kidogo sana. Kwa hiyo kila mzigo ni dau juu ya hali ya hewa.

Tuchukue tarakimu za mfano, nilizozichagua ili hesabu iwe nyepesi. Mizigo 7 kati ya 10 inapata jua, na kila shilingi 100 iliyowekwa inarudi 140. Mizigo 3 inapigwa na mvua, na shilingi 100 inarudi 40 tu. Kwa wastani, kila shilingi 100 inaleta faida ya shilingi 10 kwa mzigo. Hiyo ni biashara nzuri mno, na ukimwuliza mtu yeyote atakuambia weka zote.

Haya, tuweke zote. Mama anaanza na 100,000 na kila mara anarudisha mtaji mzima kwenye mzigo unaofuata. Mvua moja inambakizia 40,000. Ili arudi alipokuwa anahitaji faida ya asilimia 150, na jua moja linampa asilimia 40 tu. Jua la kwanza linamfikisha 56,000, la pili 78,400, la tatu 109,760. Yaani mvua moja inadai karibu majua matatu kuifuta. Kwa hesabu kamili ni 2.72. Sasa katika mizigo 10 ana mvua 3, ambazo zinadai majua 8.17, na yeye ana 7. Hana ya kutosha. Baada ya mizigo hiyo 10 amebaki na takriban 67,500, na mpangilio wa siku haubadilishi kitu: mvua zije mwanzoni, katikati au mwishoni, jibu ni lile lile.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu ile faida ya asilimia 10 haikuwa uongo. Ilikuwa wastani wa kujumlisha, ilhali mtaji unaozungushwa haujumlishwi bali huzidishwa. Chukua wachuuzi wengi wanaoweka zote kwa mizigo 100, kila mmoja kwenye ufuo wake wenye mvua yake. Wastani wa mitaji yao unapanda sana, lakini wastani huo unabebwa na wachache waliopata majua mengi kupita kawaida. Mchuuzi wa katikati, aliyepata majua 70 na mvua 30 kama ilivyotarajiwa, amebakiwa na kama shilingi 1,950 kati ya 100,000 zake. Mtu anaishi maisha yake mwenyewe, haishi wastani wa wenzake.

Mwaka 1956, John Kelly, mtafiti wa Bell Labs kule Marekani, alichapisha makala kuhusu mawasiliano ya simu, na ndani yake mkawa na jibu la swali letu: chagua sehemu ya mtaji inayokuza kwa kasi kubwa zaidi ule mtaji unaozidishwa mara kwa mara. Baadaye Edward Thorp, mwanahisabati wa Marekani, aliitumia kanuni hiyo kwenye mchezo wa karata na kisha kwenye masoko ya hisa. Kwa dau lenye hasara isiyokula pesa yote, kama letu la omena, inaandikwa hivi:

```
f = p/a - q/b
```

Hapo f ni sehemu ya mtaji ya kuweka, yaani kipimo cha Kelly, p ni uwezekano wa jua, q uwezekano wa mvua, b ni faida kwa kila shilingi, na a ni hasara kwa kila shilingi. Kwa mama wetu, 0.7 gawanya kwa 0.6, toa 0.3 gawanya kwa 0.4. Jibu ni takriban 0.417, yaani asilimia 42 hivi ya mtaji. Zilizobaki zinakaa kwenye simu au kwenye sako, na zisiguswe kwa mzigo huo. Mzigo unaofuata, asilimia inapigwa upya juu ya mtaji uliopo siku hiyo. Baada ya mvua dau linapungua lenyewe, na baada ya jua linaongezeka. Kuongeza dau baada ya hasara ili kurudisha kilichopotea ni kinyume kabisa cha kanuni hii.

Tuone inavyofanya kazi. Akiweka 41,667 kati ya 100,000, mvua inambakizia 75,000 na jua linamfikisha 116,667. Sasa mvua moja inadai majua 1.87 kuifuta. Mvua 3 zinadai 5.6. Ana majua 7, kwa hiyo lipo jua moja na sehemu linalobaki kuwa lake, na hilo ndilo ukuaji wake wote. Baada ya mizigo 10 ana kama 124,100. Mizigo, bei na mvua ni zile zile zilizomfikisha 67,500 alipoweka zote. Tofauti ni dau tu.

Ukisogeza dau huku na huku utaona umbo la kitu chenyewe. Akiweka asilimia 60, anaishia na 118,200. Akiweka asilimia 80, anaishia na 98,200: ametembea na karai mizigo 10 kwa kazi ya bure. Hii ni hali ya jumla, kwamba ukikaribia mara mbili ya kipimo cha Kelly ukuaji unakufa, na ukipita hapo unakuwa hasara hata kama dau lenyewe bado linakupendelea.

Sasa tazama upande wa chini. Akiweka nusu ya kipimo, asilimia 21 hivi, anaishia na 117,300. Hiyo ni karibu sawa kabisa na yule wa asilimia 60. Lakini mvua tatu zikifuatana, yule wa 60 anabaki na 26,200 na huyu wa nusu anabaki na 67,000. Huyu wa pili analipa karo bila kukopa. Wa kwanza, kwa ukuaji ule ule, anaingia kwenye mikopo ya simu. Hii ndiyo sababu nasema kuzidisha dau ni kosa la aina tofauti na kupunguza: ukipunguza unapoteza kasi kidogo na kupata usingizi, ukizidisha unapoteza vyote viwili.

Hata kipimo kamili cha Kelly si kipole. Kwa makadirio yanayotumiwa katika fani hii, anayekifuata kikamilifu ana uwezekano wa karibu nusu kwa nusu kwamba siku moja mtaji wake utashuka hadi nusu ya alivyoanza. Anayefuata nusu ya kipimo, uwezekano huo unashuka hadi karibu mmoja kwa nane.

Na bado sijafika kwenye jambo linalonitia hofu zaidi, ambalo ni ile 0.7. Nani aliyempa mama namba hiyo? Imetoka kwenye kumbukumbu yake, na kumbukumbu hupenda siku nzuri. Tuseme msimu umegeuka, masika yameingia, na ukweli sasa ni majua 6 kwa mvua 4. Piga hesabu: 0.6 gawanya kwa 0.6 ni 1, 0.4 gawanya kwa 0.4 ni 1, toa moja kwa nyingine, jibu ni sifuri. Mzigo huo hauna upendeleo wowote tena, na dau sahihi ni kutoweka kitu. Kosa la siku moja tu kati ya kumi limefuta biashara nzima. Anayeendelea na asilimia 42 anapoteza kama asilimia 2.2 ya mtaji kwa kila mzigo. Anayeendelea na nusu yake anapoteza karibu nusu ya asilimia moja, na ana muda wa kugundua kabla hajaumia. Kwa sababu hii mimi humshauri kila anayeniuliza aanzie nusu, na sijaona sababu ya kubadili ushauri huo.

Mama mmoja wa chama aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, sisi tuko kumi, si tugawane hatari?" Mnaweza, nikamwambia, ikiwa mvua ya mmoja si mvua ya wote. Kumi wakianika ufuo mmoja, wingu moja linawanyeshea wote, na madau yao kumi ni dau moja kubwa. Kipimo kihesabiwe kwa jumla ya pesa za chama zilizoko mchangani siku ile. Mkopo nao uhesabiwe vivyo hivyo. Mwenye 100,000 zake akikopa 67,000 na kuweka zote, mvua moja inammaliza kabisa, na hapo hakuna jua la kumrudisha.

Vijana wa mtaa wa Kondele huniuliza pia kuhusu kubashiri mechi. Kanuni inajibu kwa ukali. Mchezo wa nusu kwa nusu unaolipa 1.90 unatoa f iliyo chini ya sifuri, na dau lililo chini ya sifuri maana yake usiweke. Hakuna ukubwa wa dau unaoweza kugeuza mchezo usiokupendelea.

Utajuaje basi kama tatizo lako ni dau au ni biashara yenyewe? Weka daftari. Kila mzigo, andika pesa iliyoingia na iliyorudi, kisha faida au hasara kama asilimia ya pesa ya mzigo ule, si ya mtaji wote. Baada ya mizigo thelathini au arobaini, chukua wastani wa asilimia hizo. Wastani ukiwa chini ya sifuri, biashara haina upendeleo na kupunguza dau kutachelewesha tu. Wastani ukiwa juu ya sifuri huku mtaji umeshuka, na una hakika pesa haikuliwa nyumbani, basi mzigo ni mzuri na wewe unauwekea pesa nyingi mno. Kata dau nusu, na uendelee kuandika.