Kuchanganyikiwa kwa mzee wodini si uzee

“Mzee akichanganyikiwa wodini, huo ni uzee tu.”

Uzee peke yake haumfanyi mtu asahau mahali alipo kati ya asubuhi na jioni. Katika jedwali la kufundishia wauguzi wa wodi ya wazee, lenye safu moja kwa kila tatizo kati ya matatu yanayofanana, mstari wa kusoma kwanza ni ule wa mwanzo wa tatizo: deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na ugonjwa au dawa, huanza kwa saa au siku chache na hupanda na kushuka ndani ya siku moja, dimenshia, yaani kupotea polepole kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, hujijenga kwa miezi na miaka, ilhali sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, huja kwa wiki kadhaa. Unaofuata ni umakini, ambao deliriamu huuvuruga mapema.

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 78 aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Siku ya pili yu kimya, anasinzia na hataki chakula, na ni rahisi mno kuandika sonona kwenye faili. Ili kupima umakini, muuguzi anamwomba ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba. Anafika Oktoba, anapotea, kisha anasinzia tena. Bintiye anaeleza kwamba kabla ya kuanguka alikuwa akipiga mwenyewe hesabu za duka lake. Hiyo ni deliriamu ya kimya, ambayo hupitwa kwa sababu haisumbui mtu, na siku hiyohiyo atafutwe maambukizi, upungufu wa maji, kibofu kilichojaa au dawa kama promethazini, dawa ya mzio inayosinzisha.

Hata hivyo, mwenye dimenshia hupata deliriamu kwa urahisi zaidi, hivyo safu mbili za jedwali zinaweza kumhusu mgonjwa mmoja.